YAH: Kuvunja mkataba wa ujenzi wa nyumba, Kiwanja Na. 214, Kitalu C, Kihonda, kwa sababu ya kutelekeza kazi

Morogoro, 27 Septemba 2024
Kumb. Na. KH/214/07

Kwa: Ndg. A. K. Mtunguja, Mkandarasi
(inapelekwa kwa mkono, nyumbani kwako na ofisini, na kusainiwa kwenye daftari la mapokezi)

Ndugu,

Rejea mkataba wetu wa 4 Machi 2024 wa kujenga nyumba ya vyumba vitatu kwa bei ya Sh 96,000,000, vifaa na ufundi vikiwa juu yako, na kukabidhi ifikapo 31 Agosto 2024. Rejea pia barua yangu ya onyo uliyoipokea na kuisaini 3 Septemba 2024.

Kwa barua hii ninavunja mkataba huo kuanzia leo, kwa mujibu wa kifungu chake cha 17.2, na kwa haki niliyonayo chini ya kifungu cha 39 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345.

Sababu ni moja. Mafundi wako waliondoka eneo la ujenzi Ijumaa 9 Agosto 2024 na hawajarudi. Kifungu cha 17.2 kinahesabu kazi kuwa imetelekezwa ikisimama siku 21 mfululizo bila sababu ya maandishi. Nilipoandika onyo tarehe 2 Septemba zilikuwa zimetimia siku 24. Onyo lilikupa siku 14 za kurudisha angalau fundi mkuu, mafundi wanne na saruji ya kumalizia lenta. Siku hizo ziliisha 17 Septemba. Ulichojibu ni ujumbe wa simu kwamba unasubiri malipo ya Dai Na. 3. Dai hilo halikuwa limeidhinishwa, na mkataba hauruhusu kusimamisha kazi kwa dai ambalo bado linahakikiwa.

Kazi iliyofanyika

Kazi ilipimwa Jumanne 24 Septemba. Uliitwa kwa barua ya 20 Septemba, hukufika. Walikuwepo mkadiriaji majenzi aliyetajwa kwenye mkataba, mjumbe wa serikali ya mtaa na mimi. Picha 46 zimeambatishwa, kila moja na kipimo chake. Bei zilizotumika ni zile za jedwali la gharama ulilolisaini mwenyewe.

Maandalizi ya eneo, stoo na uzio wa muda: zimekamilika, Sh 2,400,000.

Msingi na jamvi: kazi nzima ni Sh 21,600,000. Jamvi la baraza halijamwagwa (Sh 1,250,000). Umestahili Sh 20,350,000.

Kuta hadi usawa wa lenta: asilimia 90 ya Sh 13,800,000, yaani Sh 12,420,000. Kuta za kugawa choo na bafu zimeishia kozi ya nne.

Lenta: mita 67 kwa Sh 100,000 kila mita. Zege limemwagwa mita 41. Kati ya hizo, mita 9 upande wa jiko hazikubaliki: zege lina matundu, nondo za chini zinaonekana kwa macho. Mbao za fomu hazikuzibwa, uji wa saruji ukavuja, na zege halikushindiliwa. Hapo ni kuvunja na kumwaga upya, si kupaka plasta juu. Zilizohesabiwa ni mita 32, Sh 3,200,000. Zaidi ya hayo, zege lilikatishwa katikati ya dirisha la sebule, mahali ambapo lenta inapindishwa na mzigo kuliko popote. Kiungo hicho kitachongwa hadi zege gumu kabla ya kuendelea, na gharama yake itaingia kwenye hesabu ya mwisho.

Shimo la maji taka: limechimbwa tu, halijajengewa, Sh 450,000.

Jumla ya kazi ni Sh 38,820,000. Kozi za juu ya lenta, kenchi na paa, milango na madirisha, plasta, dari, rangi, umeme na maji havijaanza.

Vifaa vinavyotumika vilivyobaki ni tofali 420 kwa Sh 1,400 (Sh 588,000), nondo 18 za mm 12 kwa Sh 26,000 (Sh 468,000) na kokoto m³ 4 kwa Sh 65,000 (Sh 260,000). Jumla Sh 1,316,000. Mifuko 23 ya saruji imeganda stoo kwa sababu iliwekwa moja kwa moja sakafuni. Haikuthaminiwa.

Thamani yote unayostahili: Sh 40,136,000.

Fedha ulizolipwa na zilizozuiwa

Malipo ya awali, asilimia 20: Sh 19,200,000.
Hati Na. 1 ya Sh 22,000,000, baada ya kukata asilimia 25 ya kurejesha malipo ya awali (5,500,000) na asilimia 10 ya zuio (2,200,000): ulipokea Sh 14,300,000.
Hati Na. 2 ya Sh 12,500,000, baada ya makato ya 3,125,000 na 1,250,000: ulipokea Sh 8,125,000.
Jumla mkononi mwako: Sh 41,625,000.

Ninazuia fedha za zuio Sh 3,450,000, na Dai Na. 3. Uliomba Sh 11,800,000. Thamani halisi ya kazi na vifaa baada ya Hati Na. 2 ni Sh 5,636,000. Tofauti imetokana na lenta, uliyoidai mita zote 67 (Sh 3,500,000 zaidi), na mbao za kenchi za Sh 2,664,000 ambazo hazijawahi kufika. Zuio na dai sahihi vinafanya Sh 9,086,000. Dhidi yake kuna salio la malipo ya awali ambalo hujarejesha, Sh 10,575,000. Kwa hiyo hata nikikupa kila senti yako, unabaki na deni la Sh 1,489,000.

Yanaongezwa fidia ya ucheleweshaji, siku 27 za Septemba kwa Sh 50,000 (Sh 1,350,000), na mlinzi tangu 3 Septemba, siku 25 kwa Sh 10,000 (Sh 250,000). Deni hadi leo ni Sh 3,089,000. Gharama ya ziada ya kumaliza nyumba kwa mkandarasi mwingine itadaiwa chini ya kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, hesabu zake zikikamilika.

Unatakiwa kufanya yafuatayo

Ndani ya siku 7, yaani hadi 4 Oktoba, rudisha funguo za stoo, michoro na daftari la kazi. Mashine ya kuchanganyia zege, matoroli matatu na mbao za fomu zimeorodheshwa; utazichukua mchana, mbele ya mjumbe wa mtaa, kwa kusaini. Usifungue nguzo zilizo chini ya lenta: zitaondolewa kwa maelekezo ya mkadiriaji. Nondo za mita 26 zilizofungwa bila zege nitazifunika kwa nailoni kabla ya mvua za vuli.

Vibarua sita na duka la vifaa wamekuja kudai kwangu. Hao uliwaajiri na kukopa wewe, na mkataba unaweka malipo yao juu yako.

Deni lilipwe ndani ya siku 30. Ukipinga kipimo chochote, andika ndani ya siku 14 ukitaja mstari wa jedwali na kipimo chako. Tutapima upya sehemu hiyo pamoja. Tukishindwana, shauri litakwenda kwa msuluhishi kama kifungu cha 21 kinavyosema.

S. R. Mbwilo
Mwajiri

Viambatisho: karatasi za vipimo, picha 46, nakala ya onyo, Hati Na. 1 na 2, orodha ya zana.

Nakala: Mkadiriaji majenzi; Mtendaji wa Mtaa.