Pilau la Barabara ya 12

Ilipotimu saa nne asubuhi, mafiga yaliyopangwa tangu usiku katika uwanja wa Mzee Kombo, Barabara ya 12, Ngamiani, mjini Tanga, yalikuwa bado baridi, na kuku wa jirani alikuwa ametaga katikati yake. Mpishi hakuonekana, simu yake haikupatikana, na nikaha ilipangwa baada ya sala ya Adhuhuri.

"Wamemficha," alisema Mzee Kombo, baba wa bwana harusi, ambaye kwa wiki mbili alikuwa hasemezani na wakweze kwa sababu ya mchele: yeye alinunua wa Kyela, nao wakadai kwamba binti yao haozwi kwa mchele usiokuwa basmati.

Bi Mwanaidi, mama wa bibi harusi, alifika na shoga zake wanane na kunena kwa sauti iliyovuka nyumba tatu kwamba ubahili ndio uliomfukuza mpishi.

Salim, bwana harusi, alikuwa barazani akinywa kahawa chungu kwa kashata. Alipoambiwa kuwa hakuna chakula, aliuliza kama kuna sukari kwenye yai la yule kuku, kisha akaomba kikombe cha pili. Shangazi yake aliangua kilio. Alidhani kijana amerukwa na akili.

"Shangazi, mtu mwenye sufuria ya kilo 50 hapotei," alisema Salim. "Tufuate harufu."

Harufu iliwafikisha Barabara ya 21, penye turubai, viti na watu waliokuwa wakisoma hitma ya arobaini ya marehemu. Nyuma ya nyumba, mpishi alikuwa akipalia makaa juu ya mfuniko. Ikabainika kwamba Bi Mwanaidi, aliyetaka karamu ifanyike kwa kaka yake, alimwagiza mtoto ampeleke mpishi Barabara ya 20, na mtoto akaongeza moja. Mpishi naye, alipoliona turubai, hakuuliza. Wenye hitma walidhani pilau ni sadaka ya mtu asiyetaka kujulikana, na walikuwa wamekwisha kumwombea dua mara mbili.

"Ni mchele gani?" wakauliza wakwe kwa pamoja.

"Magunia yaliletwa mawili," alijibu mpishi, "nami sufuria ninayo moja."

Salim aliwapakulia wenye hitma sinia sita, akaazima mkokoteni, kisha akatazama saa. Kwa kuwa vijana wote walikuwa wamekwisha kwenda msikitini, Mzee Kombo alishika mpini wa kulia na Bi Mwanaidi wa kushoto, wakabishana njia nzima ni nani anayesukuma kwa uvivu, huku bwana harusi akiwafuata na mfuniko mkononi, kanzu yake ikinukia bizari, akiwauliza kwa upole ni nani aliyepewa kazi ya kachumbari.