Kalenda ya Matengenezo ya Jengo 2026: Ghorofa 5, Flati 12, Upanga

Kwa wakazi wote, msimamizi wa jengo na mafundi

Kalenda hii inafuata mvua. Masika huanza Machi na vuli Oktoba, kwa hiyo paa na gata ziwe tayari ifikapo mwisho wa Februari, kisha tena mwisho wa Septemba. Kazi zinazotaka ukavu zimewekwa kati ya Julai na Septemba hata kama fundi anapatikana mapema.

Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi: pampu
Msimamizi abadilishe zamu ya pampu A na B. Pampu ya akiba isiyowashwa hukwama, na hujulikana imekwama siku ile nyingine inapoungua. Apime muda wa kujaza tangi moja la lita 5,000. Kawaida yetu ni saa moja. Ikizidi dakika 75 na ampea zimeshuka, pampu inavuta hewa kwenye paipu ya kuvutia au impela imelika. Ampea zikipanda juu ya zilizoandikwa kwenye bamba la mota, aizime na kumwita fundi: beringi zinakufa, au umeme uko chini. Vipimo vyote viandikwe kwenye daftari la chumba cha pampu.

Januari: matangi manne ya juu
Tangi moja kwa wakati, koki yake ikiwa imefungwa, ili flati zisikose maji. Toa tope, sugua kwa brashi ya plastiki bila sabuni, suuza. Jaza, kisha weka gramu 385 za klorini ya unga ya asilimia 65, iliyokorogwa kwanza kwenye ndoo (unga uingie kwenye maji, si maji kwenye unga). Acha saa 24, mwaga, jaza upya. Klorini inayobaki isizidi miligramu 0.5 kwa lita kabla koki haijafunguliwa.

Maji ya kusuuzia yaachwe yapite juu ya paa: ndipo tutaona tundu lipi la kutolea maji limeziba. Valvu ya boya inayovuja ibadilishwe hapohapo. Dari la ghorofa ya tano likilowa wakati wa kiangazi, usiite fundi paa. Tazama kwanza kama tangi linafurika.

Februari: gata na paa la bati la ngazi
Ondoa majani, kaza skrubu, badilisha zile ambazo mpira wake umepasuka kwa jua. Hewa ya bahari hula skrubu za kawaida haraka, kwa hiyo zinunuliwe za mabati yaliyopakwa zinki.

Machi hadi Mei
Hakuna ukarabati wa paa. Mkazi akiona maji, apige picha, aandike tarehe na saa, na kama mvua ilikuwa na upepo. Orodha hiyo ndiyo itakayomwongoza fundi Julai. Bila hiyo atapaka paa zima na tundu libaki.

Juni
Sampuli ya maji ya tangi la chini ipelekwe maabara. Mfuniko wake ukaguliwe: usawa wake uwe juu kuliko sakafu ya uani, maji ya mvua yasiingie.

Julai: paa la zege
Gundisha nailoni ya nusu mita kwa nusu mita, pande zote zikiwa zimezibwa, uiache saa 16. Ukikuta matone chini yake, zege bado lina maji. Ukipaka, rangi itavimba mapovu na kubanduka. Likikauka, ziba nyufa, kisha praima na mikono miwili ya rangi ya kuzuia maji, mkazo ukiwa kwenye pembe na kuzunguka paipu. Baada ya kukauka, ziba matundu na ufurishe kwa saa 24.

Agosti: tangi la chini
Mein swichi ya pampu ifungwe kwa kufuli kabla mtu hajaingia. Haingii mtu peke yake, na mfuniko uwe wazi, hewa ikipulizwa ndani.

Septemba: umeme
Mwezi huu umechaguliwa kwa sababu udongo ukiwa mkavu, ukinzani wa ethi huwa mbaya kuliko miezi mingine. Ukifaulu sasa, utafaulu masika. Umeme utazimwa ghorofa kwa ghorofa, saa 3 asubuhi hadi saa 6 mchana. Chomoeni friji, televisheni na chaja, kwani nyaya zitapimwa kwa volti 500. Sakiti chini ya megaomu 1 itatafutwa kosa. Terminali zote zikazwe, hasa za mein swichi. Iliyolegea hupata joto, ikaunguza plastiki kabla breka haijakata. Breka ya uvujaji ya miliampea 30 ikate ndani ya milisekunde 300. Fundi ajaribu pia kifaa cha kulinda fezi cha pampu: mota ikibaki na fezi mbili huungua. Gata zisafishwe tena wiki ya mwisho.

Novemba
Kikao cha bajeti ya 2027. Mchango ni Sh 40,000 kwa flati kwa mwezi, jumla Sh 5,760,000 kwa mwaka.

Desemba
Hesabu ya stoo: sili moja na beringi mbili za pampu, valvu mbili za boya, skrubu 50, breka tatu za miliampea 30.