Utambulisho wa mzungumzaji: Bi. Rehema Juma, mwenye vyumba vya baridi vya kukodi

Mabibi na mabwana, wafanyabiashara wenzangu,

Mzungumzaji anayefuata ana vyumba vinne vya baridi katika masoko ya jumla, vyote vya umeme wa jua. Mkulima au mchuuzi hulipia kwa kreti, kwa siku. Bi. Rehema Juma hanunui mazao wala hayauzi. Anachouza ni muda, ili nyanya ambazo zingetupwa kwa bei ya hasara jioni ya leo zisubiri bei ya kesho kutwa.

Hasara anayopambana nayo ni kubwa. Mwaka 2019 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikadiria kuwa takriban asilimia 14 ya chakula duniani hupotea baada ya mavuno, kabla hakijamfikia muuzaji wa rejareja.

Chumba chake cha kwanza kilipokea kila zao. Mboga za majani zinataka baridi inayokaribia nyuzi 0, ilhali nyanya ikikaa siku kadhaa chini ya nyuzi 10 hupoteza ladha, na ikitolewa huoza upesi. Ukiziweka pamoja, mteja mmoja lazima aumie. Akavitenga vyumba, nusu ya nafasi ikabaki tupu nje ya msimu, na mwaka wa pili akafunga vitabu kwa hasara. Hesabu za mwaka huo atazionyesha hapa, kwa hiari yake.

Kisha betri zikawa zinakula faida. Sasa mashine hugandisha maji mchana jua likiwa kali, na barafu hiyo ndiyo inayoshika baridi usiku kucha. Betri iliyobaki ni ndogo, ya feni na vipimajoto tu.

Mliotoka benki, naomba muangalie zaidi upande wa malipo. Mteja wake hana fedha kabla ya kuuza, kwa hiyo hulipa mzigo unapotoka, si unapoingia. Msimu wa mavuno vyumba vinajaa huku akaunti ikikauka, na mafundi na walinzi wanataka mishahara yao mwisho wa mwezi. Mkopo wa kununua mashine aliupata. Mtaji wa kuzungusha wa miezi mitatu ndio uliomsumbua, na nadhani wengi humu mnalijua tatizo hilo vizuri kuliko mnavyopenda kukiri.

Ana dakika 20, na mada yake ni uamuzi mmoja: kutofungua chumba cha tano mpaka hivi vinne vijae angalau theluthi mbili nje ya msimu. Mimi bado sijakubaliana naye. Naona anawaachia washindani nafasi. Yeye ana takwimu za kunijibu. Muulizeni maswali yale yale mnayoulizana nyinyi kwa nyinyi kuhusu faida, madeni na wateja wanaochelewa kulipa.

Bi. Rehema, karibu jukwaani.