DOKEZO LA NDANI: Usuluhishi wa Faida ya Hesabu za Gharama na Hesabu za Fedha

Kwa: Meneja Mkuu
Kutoka: Mhasibu wa Gharama, Kiwanda cha Alizeti, Kizota, Dodoma
Nakala: Mhasibu Mkuu
Tarehe: 19 Agosti 2024
Yah: Faida ya mwaka ulioishia 30 Juni 2024

Ndugu Meneja,

Katika kikao cha wiki iliyopita mjumbe mmoja aliuliza faida ipi ni ya kweli: milioni 186.4 nilizosoma mimi, au milioni 152.3 alizosoma Mhasibu Mkuu. Wengine walicheka, ila nilielewa kwamba anauliza milioni 34.1 zimeliwa na nani. Hazijaliwa. Vitabu viwili vimetazama kiwanda kimoja kwa macho mawili, na hapa chini naonyesha kila shilingi ilipoachana na mwenzake. Nimelinganisha faida kabla ya kodi ya mapato.

| Maelezo | Sh | Sh |
|---|---:|---:|
| Faida kwa hesabu za gharama | | 186,400,000 |
| *Ongeza:* | | |
| Uchakavu uliozidi katika vitabu vya gharama | 8,500,000 | |
| Tofauti ya bidhaa za kufungulia mwaka | 2,800,000 | |
| Pango la kujikadiria la ghala | 18,000,000 | |
| Gharama za utawala zilizobebeshwa kupita kiasi | 2,600,000 | |
| Riba ya amana benki | 4,300,000 | |
| Faida ya kuuza lori kuukuu | 6,500,000 | 42,700,000 |
| | | 229,100,000 |
| *Toa:* | | |
| Gharama za kiwanda ambazo hazikubebeshwa | 23,500,000 | |
| Tofauti ya bidhaa za kufungia mwaka | 8,200,000 | |
| Mbegu zilizooza | 9,600,000 | |
| Riba ya mkopo | 31,200,000 | |
| Faini ya kuchelewesha ritani ya VAT | 1,800,000 | |
| Mchango wa madawati | 2,500,000 | (76,800,000) |
| Faida kwa hesabu za fedha | | 152,300,000 |

Gharama za kiwanda, milioni 23.5. Hapa ndipo naomba ukae zaidi. Bajeti ilikuwa saa 6,600 za mashine za kukamua na gharama za kiwanda Sh 277,200,000, ndiyo maana kila saa tuliibebesha Sh 42,000. Mwaka ulipoisha tulikuwa tumekamua saa 6,200 tu, kwa hiyo mafuta na mashudu yalibeba Sh 260,400,000. Gharama halisi zilifika Sh 283,900,000. Pengo nililiweka kwenye akaunti ya kusubiri na halikugusa faida yangu. Mhasibu Mkuu, kwa haki kabisa, alichukua gharama zote.

Pengo hilo lina vipande viwili ambavyo haviponi kwa dawa moja. Saa 400 zilizopotea, kwa Sh 42,000, ni milioni 16.8. Saa 290 kati ya hizo zilipotea Februari hadi Aprili, mbegu za msimu uliotangulia zilipokwisha ghalani na za Kibaigwa na Singida zikawa za kugombania; 110 zilipotea umeme ulipokatika. Milioni 6.7 zilizobaki ni matumizi kuvuka bajeti: dizeli ya jenereta milioni 4.1 na matengenezo ya mashine namba 2 milioni 2.6.

Uchakavu, milioni 8.5. Vitabu vya gharama vinakadiria uchakavu kwa bei ya kununua mashine mpya leo, milioni 48. Vitabu vya fedha vinagawa bei tuliyonunulia kwa miaka ya matumizi, vikapata milioni 39.5. Zile Sh 283,900,000 za hapo juu zina uchakavu wangu wa milioni 48 ndani yake, kwa hiyo tofauti hii inarudishwa mara moja tu. Katika rasimu yangu ya kwanza niliirudisha mara mbili, nikakesha usiku mzima nikitafuta milioni 8.5 ambazo hazikuwepo.

Bidhaa. Mimi natoa mbegu ghalani kwa bei ya shehena iliyotangulia kuingia. Wenzangu wanatumia wastani wa uzani. Bei ya mbegu ikipanda kadiri msimu unavyokwenda, zinazobaki kwangu zinakuwa za bei ya juu zaidi. Bidhaa za kufungulia zilikuwa milioni 64.0 kwangu na 61.2 kwao. Zilinipandishia gharama, basi milioni 2.8 zinaongezwa. Ndizo zile zile tulizozitoa kwenye usuluhishi wa mwaka jana, sasa zimerudi upande wa pili.

Za kufungia ni milioni 92.3 kwangu na 84.1 kwao. Milioni 3.6 ni njia hiyo hiyo ya kuthamini. Milioni 4.6 ni mashudu: bei yake ilishuka chini ya gharama, na kiwango cha kimataifa cha uhasibu namba 2 kinataka bidhaa zionyeshwe kwa gharama au kwa thamani halisi ya kuuzia, iliyo ndogo kati ya hizo. Vitabu vyangu havikushusha. Kwa mashudu nakiri wao wako sahihi, na kuanzia mwezi huu nami nitashusha.

Mbegu zilizooza. Magunia 128 yaliyolowa Januari paa la ghala lilipovuja, kwa Sh 75,000 kila moja. Niliyaacha nje ya gharama ya lita kwa sababu mnunuzi wa mafuta hawezi kulipia paa letu. Hilo bado nalitetea. Ila nilipaswa kuyapeleka moja kwa moja kwenye faida na hasara ya vitabu vya gharama, nami sikufanya hivyo. Hilo ni kosa langu.

Pango. Ghala ni letu na hakuna anayelipwa. Naweka Sh 1,500,000 kwa mwezi ili bei yetu ilingane na ya kiwanda kinachopanga. Kiasi hiki nakitoza moja kwa moja kwenye faida na hasara, hakimo katika gharama za kiwanda, hivyo hakijahesabiwa kwingine.

Yaliyomo katika vitabu vya fedha pekee. Riba ya milioni 31.2 ni asilimia 16 ya mkopo wa milioni 195 tuliochukua kununulia mbegu. Ni fedha nyingi, lakini inaeleza tulivyopata mtaji, haielezi tulivyokamua. Lori, amana, madawati na faini navyo havina uhusiano na lita ya mafuta. Faini, zaidi ya hayo, haitakubaliwa kupunguza kodi ya mapato, kwa hiyo imetuuma mara mbili.

Gharama za utawala: tulibebesha milioni 54.0, halisi milioni 51.4. Sina la kuongeza.

Sasa kuhusu bei. Meneja Mauzo amependekeza tugawanye gharama halisi kwa saa halisi, tupate takriban Sh 45,790 kwa saa, kisha tupandishe bei ya mafuta. Siungi mkono. Tukifanya hivyo tunamtoza mteja saa ambazo mashine zililala, na mwaka ujao akihama tutalala zaidi. Kiwango cha uhasibu nilichokitaja kinakataza hata kuibebesha bidhaa gharama ya uwezo usiotumika. Gharama halisi tukizigawa kwa saa za kawaida 6,600 tunapata kama Sh 43,015. Naomba uidhinishe Sh 43,000 kwa saa kuanzia 1 Septemba.

Zile milioni 16.8 zinatibiwa ghalani. Mkopo wa msimu huu ukinunua mbegu za kutufikisha Aprili badala ya Januari, riba itapanda. Hesabu ya riba hiyo dhidi ya saa 290 nitakuletea Ijumaa, pamoja na makadirio ya fundi wa paa.

Naomba kuwasilisha.

Mhasibu wa Gharama