Mkataba wa dagaa, kwa kifupi

Shkamoo shangazi, najua uko Mwaloni huna muda, ile PDF ya kurasa 34 nimeisoma yote. Sisi tunapeleka tani 2 za dagaa wakavu kila tarehe 5 na 20 kwa miezi 6, hadi godauni la wanunuzi Dodoma, usafiri juu yetu (kifungu 7), wakikuta mchanga au unyevu wanarudisha mzigo na gharama ni yetu.

Bei sh 6,000 kilo, yaani milioni 12 kila mzigo. Advansi 30% ya mzigo wa kwanza tu, ndani ya siku 7 baada ya kusaini, zingine zote wanalipa siku 30 baada ya kupokea invoisi, kwahiyo mzigo wa pili na wa tatu utanunua kwa hela yako, hapo pananiumiza kichwa.

Ila kubwa ni kifungu 12, ukichelewa faini 1% kwa siku, sh 120,000, na mbalamwezi dagaa hawapatikani, mwezi haufuati tarehe zao! Waombe siku 5 za nyongeza kwa maandishi. Kuvunja mkataba notisi siku 60. Wanataka saini Ijumaa saa 10 jioni, usisaini kabla hawajajibu hiyo ya 12.