Kidoto na Taa za Dago

[Sauti ya chini, bila haraka. Mawimbi yasikike kwa mbali, nyuma ya msimuliaji.]

Paukwa.

Leo usiitikie kwa kelele, mwanangu. Usiku umeshaingia. Itikia kwa mnong'ono tu.

Paukwa...

[Acha nafasi mtoto aitikie.]

Pakawa.

Haya. Vuta shuka mpaka kidevuni. Legeza vidole vya miguu. Legeza na vya mikono. Sasa sikiliza.

Shwaa... mawimbi yanakuja.
Shwaa... mawimbi yanarudi.

Hayo ni mawimbi ya kisiwa cha Juani, jirani na Mafia. Juani kuna minazi, kuna mibuyu, kuna mchanga mweupe. Na chini ya mchanga huo, chini kabisa, kuna mtoto amelala.

Jina lake Kidoto.

Kidoto ni mtoto wa kasa. Ni mdogo, mdogo sana. Ukifungua kiganja chako, anaenea hapo, yeye na gamba lake jeusi na vikafi vyake vinne vya kuogelea.

Mama yake alikuja usiku mmoja, karibu miezi miwili iliyopita. Alipanda pwani taratibu. Akachimba shimo kwa miguu ya nyuma. Akataga yai moja. Akataga jingine. Na jingine. Na jingine. Mayai meupe, ya mviringo, yakafika 100 na zaidi. Akayafukia vizuri, akaupigapiga mchanga juu yake, pa, pa, pa, kama mama anavyompigapiga mtoto mgongoni. Kisha akarudi baharini.

Aliwaachia watoto wake mchanga wenye joto. Na mawimbi ya kuwabembeleza.

Shwaa... mawimbi yanakuja.
Shwaa... mawimbi yanarudi.

[Pumzika kidogo.]

Siku moja yai la Kidoto likalia: tk. Likalia tena: tk, tk. Kidoto akatoa pua. Akatoa kichwa. Akatoa kikafi kimoja, akatoa cha pili. Ndugu zake nao walikuwa wanatoka. Tk huku, tk kule.

Hawakukimbia kwenda juu. Walipanda pamoja, kidogo kidogo. Wakisogea, mchanga wa juu unaanguka chini yao, nao wanainuka. Wakichoka, wanapumzika. Wanainuka tena. Wanapumzika tena.

Mchanga ukiwa wa moto, Kidoto anajua: jua liko nje. Anatulia.

Mchanga ukipoa, Kidoto anajua: usiku umefika.

Na usiku huu, mwanangu, mchanga umepoa.

[Mawimbi yasikike peke yake, sekunde tano.]

Pale pwani palikuwa na msichana, anaitwa Zuhura. Alikaa kwenye mkeka na Babu yake. Kazi ya Babu ni kulinda viota vya kasa. Siku mama kasa alipotaga, Babu alichomeka vijiti pembeni, akaanza kuhesabu. Siku 10. Siku 20. Siku 40. Leo ni siku ya 58.

"Tazama hapa," Babu akanong'ona. "Mchanga umebonyea. Wanakuja."

Zuhura akatazama. Mchanga ukatikisika kidogo, kama mtu anayepumua chini ya shuka. Kikatokea kichwa kimoja. Kikatokea cha pili. Halafu wakatoka wote kwa pamoja, wadogo, weusi, wakitambaa: sha-sha-sha, sha-sha-sha, kuelekea baharini.

"Babu, nani amewaonyesha njia?"

"Bahari yenyewe, mjukuu wangu. Usiku bahari inang'aa kidogo kwa nyota. Wao wanafuata kunakong'aa."

Sha-sha-sha, wa kwanza akaingia majini. Sha-sha-sha, wa pili akaingia. Wengi wakaingia.

Wa mwisho kabisa kutoka alikuwa Kidoto.

Kidoto akainua kichwa. Akatafuta kunakong'aa. Akaona mwanga, mzuri, wa manjano. Akaufuata.

Lakini ule haukuwa mwanga wa bahari. Ulikuwa mwanga wa dago, kambi ya wavuvi, kwenye vibanda vya makuti chini ya minazi.

"Babu! Huyu anakwenda siko. Nimbebe?"

"Hapana, mjukuu wangu. Mwache atembee mwenyewe, aijue pwani yake. Akiwa mkubwa, akiwa mama, atarudi kutaga huku huku. Sisi tumsaidie kwa jambo moja tu."

"Jambo gani?"

"Tuzime taa."

Basi wakaenda, Zuhura na Babu, mkono kwa mkono, taratibu.

Kwenye kibanda cha kwanza palikuwa na mzee mmoja anashona wavu. Kibatari chake kinawaka.

"Shikamoo Babu. Tuzime taa? Mtoto wa kasa amepotea njia."

"Marahaba, mjukuu wangu. Tuzime."

Fuu.

Giza likaja, laini kama kanga ya bibi. Kidoto akageuka kidogo.

Taratibu, Kidoto, taratibu. Bahari ipo.

Kwenye kibanda cha pili palikuwa na mama mmoja amemaliza kukaanga samaki. Chemli yake inaning'inia mlangoni.

"Shikamoo Mama. Tuzime taa? Mtoto wa kasa amepotea njia."

"Marahaba, mwanangu. Tuzime."

Fuu.

Giza likaja, laini kama kanga ya bibi. Kidoto akageuka kidogo tena.

Taratibu, Kidoto, taratibu. Bahari ipo.

Kwenye kibanda cha tatu palikuwa na vijana wawili wanacheza bao. Taa yao ya sola inang'aa, nyeupe, kali.

"Shikamooni. Tuzime taa? Mtoto wa kasa amepotea njia."

"Marahaba, mdogo wetu. Bao litangoja. Tuzime."

Ta.

Giza likaja, laini kama kanga ya bibi.

Lakini Kidoto alisimama. Hakujua aende wapi. Bado kulikuwa na mwanga mmoja.

Zuhura akatazama kushoto. Hakuna taa. Akatazama kulia. Hakuna taa. Akatazama chini, akaona mguu wake, akaona na kivuli cha mguu wake.

Ilikuwa tochi. Tochi yake mwenyewe, mkononi mwake.

[Sauti ishuke zaidi.]

Zuhura aliipenda tochi yake. Hulala nayo chini ya mto. Akiamka usiku huigusa, akajua ipo. Leo pia alikuwa ameishika kwa vidole vyote vitano.

Babu hakusema kitu. Akasubiri.

Moyo wa Zuhura ukadunda. Du-du. Du-du. Akashika mkono wa Babu, mkono mkubwa, wenye joto. Akavuta pumzi ndefu...

[Vuta pumzi, isikike.]

...akaitoa.

[Toa pumzi, polepole.]

Ta.

Giza likaja. Kwanza lilikuwa jeusi lote. Zuhura akangoja kidogo. Akaona nyota moja. Akaona nyota tatu. Akaona nyota nyingi, hadi chini kabisa, zinagusa maji. Akaona povu la mawimbi, jeupe. Akaona mkeka wao. Akaona ndevu za Babu. Vyote vilikuwapo.

Na mbele yao bahari ilikuwa inang'aa, kwa mbaaali, rangi ya fedha.

Kidoto akainua kichwa. Akageuka. Akageuka tena. Akaiona.

Sha-sha-sha.

Taratibu, Kidoto, taratibu. Bahari ipo.

Akapita kando ya gamba la nazi. Sha-sha-sha.
Akapita kando ya tundu la kaa. Kaa alikuwa ndani, ametulia. Sha-sha-sha.
Akafika kwenye mchanga wenye maji. Mchanga ukawa baridi, ukawa laini.

Wimbi la kwanza likaja, likamlowesha pua.
Wimbi la pili likaja, likamwinua kidogo, likamrudisha chini.
Wimbi la tatu likaja, likamchukua.

Ndani ya maji Kidoto akawa mwepesi. Vikafi vyake, ambavyo mchangani vilikuwa vizito, sasa vilikuwa kama mabawa. Akavipunga. Juu, chini. Juu, chini.

"Kwaheri, Kidoto," Zuhura akanong'ona.

Shwaa... mawimbi yanakuja.
Shwaa... mawimbi yanarudi.

[Kimya, mawimbi tu, sekunde kumi. Kuanzia hapa kila sentensi isomwe polepole kuliko iliyotangulia.]

Sasa usiku umetulia kisiwani Juani.

Mzee mshona wavu amelala. Wavu wake umelala kando yake.

Mama wa samaki amelala. Kikaango kimepoa.

Vijana wa bao wamelala. Kete zao zimelala kwenye vishimo vyake, kila moja mahali pake.

Kwenye magofu ya Kua, kati ya kuta za zamani, upepo unapita kwa miguu mitupu.

Mbali, upande wa pili wa Mafia, papa potwe anaogelea taratibu. Ni mkubwa kuliko mashua, ni mpole, hana haraka.

Na Zuhura yuko kitandani, ndani ya chandarua. Tochi iko chini ya mto. Imezimwa. Nje anasikia bahari. Anapumua bahari inapokuja. Anapumua bahari inaporudi.

Kidoto naye yuko majini, chini ya nyota zile zile. Amepata jani la bahari linaloelea. Ameegemeza kichwa juu yake. Maji yanambeba. Maji yanambembea.

Taratibu, Kidoto, taratibu.

Na wewe, mwanangu, uko hapa. Shuka lina joto. Mto ni laini. Macho yako mazito sasa. Yaache yafumbe.

Kibatari, fuu.
Chemli, fuu.
Taa ya sola, ta.
Tochi, ta.

Na taa yako pia, kama bado inawaka...

fuu.

[Mnong'ono.]

Shwaa... mawimbi yanakuja.

Shwaa... mawimbi yanarudi.

Taratibu, kipenzi changu. Taratibu.

Shwaa...

[Mawimbi yaendelee peke yake kwa dakika moja, yakififia hadi kimya.]