Tangazo la Afya kwa Umma Kuhusu Kipindupindu: Mambo ya Kufanya, Kuanzia Lile la Haraka Zaidi

Mtu yeyote anayeharisha majimaji mfululizo, hata kama hana homa wala maumivu ya tumbo, aanze sasa hivi kunywa maji yaliyochanganywa na dawa ya ORS, kisha apelekwe kwenye kituo cha afya kilicho karibu huku akiendelea kunywa njiani. Asisubiri kupambazuke, wala asisubiri kuona kama hali itatulia yenyewe. Kipindupindu kinaweza kumaliza maji mwilini kwa saa chache, lakini mgonjwa anayerudishiwa maji mapema karibu kila mara hupona.

Hilo ndilo jambo la kwanza. Ukiwa na mgonjwa nyumbani, acha kusoma hapa na ukalifanye.

Tangazo hili linachukua nafasi ya lile la Jumatatu, ambalo tunaomba libanduliwe popote lilipobandikwa. Lile lilianza kwa maelezo ya vimelea na orodha ndefu ya makatazo, likaiweka dawa ya kunywa kwenye ukurasa wa pili, na likasema "chumvi kiasi" bila kutaja kipimo. Pia liliwataka watu "wajitenge na wagonjwa", na kwa maneno hayo baadhi ya familia zimeogopa kusema kwamba nyumbani kuna anayeumwa. Kosa hilo ni letu, na tunalirekebisha hapa.

Namna ya kutayarisha na kunywesha dawa

Pakiti nyingi za ORS huchanganywa zote kwa mara moja katika lita 1 ya maji salama; soma kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti yako na ukifuate. Usigawe pakiti, usiongeze sukari wala chumvi, na usichemshe maji yakishachanganywa. Mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24 umwagwe, utengenezwe mwingine.

Pakiti zikikosekana, chukua lita 1 ya maji salama, weka vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote viwe vya kusawazishwa na si vya kujaa, kisha koroga hadi viyeyuke. Tunasisitiza nusu kijiko, kwa sababu chumvi ikizidi humdhuru mgonjwa, na mtoto mdogo ndiye anayedhurika zaidi. Ikiwa hakuna maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, tumia yale yaliyo safi kuliko yote uliyo nayo kuliko kumwacha mgonjwa bila kunywa.

Kila anapoharisha, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, mtoto wa miaka 2 hadi 10 apewe mililita 100 hadi 200, na mwenye umri zaidi ya hapo anywe kadiri anavyoweza. Akitapika, subiri dakika 10, kisha mpe tena kidogo kidogo kwa kijiko. Wazazi wengi wametuuliza kuna faida gani kumnywesha mtu ambaye kila anachokunywa kinatoka. Jibu ni kwamba sumu ya vimelea huufanya utumbo umwage maji, lakini haiizibi njia ambayo sukari na chumvi hupitia pamoja kuingia mwilini, na vinapopita huvuta maji. Kwa hiyo mgonjwa ananufaika hata kama bado anaharisha.

Mtoto anayenyonya aendelee kunyonyeshwa, na mgonjwa anayeweza kula ale. Dawa za kuzuia kuharisha zisitumike, na dawa za kuua bakteria zitolewe na mhudumu wa afya peke yake.

Dalili za hatari ni macho kuingia ndani, mdomo kukauka, mkojo kupungua sana au kukosekana, ngozi iliyofinywa kuchelewa kurudi, mwili kulegea na akili kuchanganyikiwa. Mwenye dalili hizi anaweza kuhitaji maji ya mshipani, na hayo hupatikana kituoni tu. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni; abebwe mara moja.

Maji ya kunywa

Kipindupindu huingia kwa njia ya mdomo, hasa kupitia maji yaliyochafuliwa na kinyesi, na kwa sababu hiyo maji ndiyo yanayofuata kwa umuhimu kwa nyumba zote, zenye mgonjwa na zisizo naye. Chemsha maji mpaka yatokote kabisa kwa dakika 1 au zaidi, au tumia kidonge cha klorini kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti yake, kwa kuwa vidonge hutofautiana nguvu, kisha subiri dakika 30 kabla ya kunywa. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Yakiwa tayari, yahifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko na yamiminwe, kwa sababu mkono au kikombe kikichovywa ndani kinaweza kuyachafua upya. Maji yanayoonekana meupe si lazima yawe salama.

Mikono, chakula na choo

Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto au mgonjwa, kabla ya kupika, na kabla ya kula au kulisha. Sabuni ikikosekana, tumia jivu. Chakula kiive vizuri na kiliwe kingali cha moto. Matunda yaoshwe kwa maji salama na kumenywa na mlaji mwenyewe. Kila mtu atumie choo, na kinyesi cha watoto kitupwe humo humo.

Kumhudumia mgonjwa bila hofu

Kukaa karibu na mgonjwa, kuzungumza naye au kumshika mkono hakuambukizi iwapo utanawa kabla ya kugusa mdomo au chakula. Hatari imo katika kinyesi na matapishi yake. Vitupwe chooni, kamwe visitupwe mtoni wala karibu na kisima. Nguo na mashuka yaliyochafuka yachemshwe au yalowekwe kwenye maji ya klorini, mbali na chanzo cha maji, kisha yaanikwe juani. Anayemhudumia mgonjwa asiwapikie wengine ikiwa yupo mwingine wa kufanya hivyo. Tunawaomba majirani wasiinyooshee kidole nyumba yenye mgonjwa, maana familia inayoona aibu huchelewa kutoa taarifa, na katika ugonjwa huu saa chache za kuchelewa zinaweza kuwa uhai wa mtu.

Akitokea aliyefariki, familia imwite mhudumu wa afya kabla ya kuuosha mwili. Mhudumu ataandaa mwili kwa heshima, na familia itashiriki ibada na mazishi kama ilivyo desturi yake, ila waliogusa mwili wasiandae chakula cha waombolezaji.

Chanjo

Chanjo ya kipindupindu hutolewa kwa kunywa, na ratiba yake itatangazwa dozi zitakapowasili. Aliyechanjwa ataendelea kutakasa maji na kunawa, kwani kinga hiyo si kamili.

Wahudumu wa afya watapita nyumba kwa nyumba kuanzia kesho asubuhi wakigawa pakiti za ORS na vidonge vya klorini bila malipo. Viongozi wa mitaa wanaombwa kulisoma tangazo hili kwa sauti kwenye mikusanyiko kwa ajili ya wasioweza kusoma, wakianzia na aya ya kwanza. Taarifa itakayofuata itatolewa Ijumaa saa 4 asubuhi, na agizo lolote likibadilika, badiliko hilo litatajwa mwanzoni.